Pampu inawaka saa isiyo yake umeme ukirudi, na taa za jioni hazishiki wakati: tusaidiane kutafuta chanzo

Chemchem_7
Wakuu, habari zenu. Nina Raspberry Pi 4 yenye Raspberry Pi OS. Inawasha pampu ya kumwagilia kupitia rilei ya ESP32, na mistari ya cron ni hii tu:

```
30 5 * * *  /home/pi/pampu.sh washa
0  6 * * *  /home/pi/pampu.sh zima
```

Siku za kawaida hakuna shida. Umeme ukikatika ndipo mambo yanapoharibika, na haribiko halifanani. Saa zote nimeandika kwa mtindo wa 24, na nimezisoma kwenye mita ya umeme ambayo ina betri yake.

Tukio A: umeme ulikatika 04:48, ukarudi 07:31. Intaneti ilichelewa, ikarudi 08:20. Pampu iliwaka 08:13 ikazima 08:21.

Tukio B: umeme ulikatika 05:05, ukarudi 09:00, intaneti ikarudi 09:40. Pampu iliwaka 09:25 na haikuzima kabisa mpaka ilipozimwa kwa mkono.

Kinachonichanganya ni kwamba kumbukumbu za mfumo zinadai pampu iliwaka 05:30:01 siku zote mbili. Nikiuliza `timedatectl` sasa hivi, inajibu kwamba saa imelinganishwa.

Swali la pili: taa za nje nimeziwekea 18:40 kwenye Home Assistant. Nipo karibu sana na ikweta ambako wanasema jua halibadiliki, lakini kuna miezi zinawaka kweupe na kuna miezi giza linatangulia.

Rilei_na_Waya
Mkuu, hiyo ni kristali ya bodi, imechoka. Bodi za siku hizi saa zake zinapotea kila siku kidogo kidogo, mwisho wa mwezi unakuta umetupwa mbali. Nunua moduli ya DS3231, ichomeke, na tatizo limekwisha. Taa nazo zitakaa sawa kwa sababu zinasoma saa hiyohiyo.

MzeeWaMitambo
Rilei, dawa uliyotaja ina nafasi yake na nitairudia, ila ugonjwa sio huo. Tupige hesabu. Kristali ya kawaida ya saa hukosea kama sehemu 20 kwa milioni. Siku moja ina sekunde 86,400, kwa hiyo kosa ni sekunde 1.7 kwa siku, yaani chini ya dakika moja kwa mwezi. Tukio A lina kosa la saa 2 na dakika 43. Kwa mwendo huo kristali ingehitaji miaka 15 bila kurekebishwa hata mara moja ili ifike hapo. Joto kali ndani ya kasha huongeza kosa, lakini haliwezi kulifikisha saa mbili kwa asubuhi moja.

Kabla ya kununua chochote, tazama kosa lina umbo gani. Kosa linalokua polepole kila siku ni la kristali. Kosa la saa kamili, lisilopungua wala kuzidi, ni la kanda ya saa. Kosa linaloruka ghafla baada ya umeme kurudi ni la bodi isiyo na saa ya betri. Kosa linalofuata miezi ya mwaka ni la jua.

Chemchem, chukua tukio A. Kutoka 04:48 hadi 07:31 ni saa 2 na dakika 43. Kutoka 05:30 hadi 08:13 ni saa 2 na dakika 43 vilevile. Pi 4 haina saa inayoendelea kutembea umeme ukiwa umekatika. Ikiwaka inachukua wakati uliohifadhiwa mwisho kwenye diski na kuanza kuhesabu kutoka hapo. Yako iliamka 07:31 ikiamini ni 04:48, ikahesabu dakika 42 kwa uaminifu, ikafika "05:30" yake, ikawasha pampu. Kumbukumbu hazikudanganyi, zimeandika kile ambacho saa ya bodi ilikuwa inasema wakati huo.

Ukitaka kuliona kwa macho, soma kumbukumbu kwa sekunde tangu bodi iwake, maana hizo hazirukiruki saa ikisahihishwa:

```
journalctl -b -o short-monotonic | grep -E "timesyncd|CRON"
```

Kama bodi imeshawashwa upya tangu siku ile, orodhesha kwanza kwa `journalctl --list-boots` kisha tumia `-b -1` au namba inayohusika. Weka majibu hapa.

KontenaMoja
Mimi pia nina tatizo hilihili. Kazi zangu zote zinatekelezwa saa tatu baadaye kuliko nilivyopanga, kila siku, umeme uwepo usiwepo. Nimeweka 06:00 zinafanyika 09:00. Nimebadilisha seva ya NTP mara kadhaa haisaidii. Cron yangu ipo ndani ya kontena ya Docker.

MzeeWaMitambo
KontenaMoja, lako ni jingine. Saa tatu kamili bila dakika za ziada, na haliongezeki: hiyo ni kanda ya saa. Bila shaka upo UTC+3, na kontena yako haijaambiwa hivyo, kwa hiyo inasoma UTC. Ikifika 06:00 ya UTC, kwako ni 09:00. Seva za NTP zote hutoa UTC, ndiyo maana kuzibadilisha hakugusi kitu. Ipe kontena kigezo cha `TZ` chenye jina la kanda yako, hakikisha ndani yake kuna `tzdata`, kisha uiunde upya. Ukiingia ndani ukaandika `date` na ikaonyesha saa sawa na ya nje, umemaliza.

Chemchem_7
Nimeyapata ya tukio A. Nimeacha mistari inayohusika tu:

```
[    6.4] systemd-timesyncd: System clock time unset or
         jumped backwards, restoring from recorded timestamp
[ 2526.9] CRON: (pi) CMD (/home/pi/pampu.sh washa)
[ 2947.1] systemd-timesyncd: Initial clock synchronization
[ 3006.8] CRON: (pi) CMD (/home/pi/pampu.sh zima)
```

Nimeelewa kuwaka. Bado sijaelewa kuzima. Kwa nini A ilizima baada ya dakika 8 na B haikuzima kamwe, wakati mstari wa `zima` ni uleule?

MzeeWaMitambo
Hapo ndipo penyewe. Ona tofauti ya 2947 na 2526: dakika 7. Yaani intaneti ilirudi wakati saa ya bodi inasoma 05:37, na timesyncd ikaisukuma mara moja hadi 08:20. Saa 06:00, wakati wa kuzima, ilirukwa. Haikuwahi kuwepo siku hiyo.

Cron ya Debian ina kanuni yake kwa mruko kama huu. Saa ikienda mbele kwa chini ya saa tatu, cron hudhani ni mabadiliko ya majira, kama yale ya nchi zinazosogeza saa mara mbili kwa mwaka. Basi kazi zenye saa maalumu zilizorukwa huzitekeleza zote papo hapo. Mruko wako wa A ulikuwa saa 2 na dakika 43, uko chini ya kikomo. Cron ilipoamka kwenye dakika iliyofuata, sekunde ya 3006, ikakuta `zima` imerukwa, ikaiendesha. Ndiyo dakika zako 8.

Tukio B: kutoka 05:05 hadi 09:00 ni saa 3 na dakika 55. Hapo cron hudhani saa ilikuwa mbovu na imesahihishwa, kwa hiyo inakubali saa mpya na kusahau yaliyorukwa. `zima` ya 06:00 ikapotea, na inayofuata ni ya kesho yake. Kama usingekuwa karibu, pampu ingekimbia karibu saa 21.

Kwa hiyo tatizo lako kubwa, kwa maoni yangu, sio kwamba pampu iliwaka 08:13. Mimea imepata maji asubuhi, haijafa. Tatizo ni kwamba kuzima kumetegemea saa ya ukutani. Kuwasha kunaweza kutegemea saa, lakini kuzima kutegemee muda uliopita tangu kuwasha, na muda huo uhesabiwe na kifaa kilekile chenye rilei. Kama ESP32 yako inatumia ESPHome:

```yaml
switch:
  - platform: gpio
    pin: GPIO26
    id: pampu
    restore_mode: ALWAYS_OFF
    on_turn_on:
      - delay: 30min
      - switch.turn_off: pampu
```

Badili namba ya pini ifuate waya wako. `delay` inahesabu kwa kristali ya ESP32 yenyewe bila kuuliza ni saa ngapi. Hata kama ina kosa la sehemu 10 kwa milioni, katika dakika 30 hilo ni chini ya sekunde 0.02. Na umeme ukikatika katikati, `ALWAYS_OFF` inahakikisha pampu inarudi ikiwa imezima.

Zuhura_L
Naongeza kwa Mzee, shikamoo. Hata baada ya kuhamisha kuzima, bado `washa` inahitaji ulinzi, vinginevyo itaendelea kuwaka saa isiyo yake. systemd-timesyncd huunda faili moja baada ya kupata wakati wa kweli tangu bodi iwake. Chemchem, weka hii mwanzoni mwa sehemu ya `washa` tu, usiiguse `zima`:

```
[ -e /run/systemd/timesync/synchronized ] || exit 0
S=$(date +%H%M)
[ "$S" -ge 0525 ] && [ "$S" -lt 0600 ] || exit 0
```

Mstari wa kwanza unakataa kuwasha kama saa haijathibitishwa. Miwili ya mwisho ni kwa ajili ya ile kanuni ya saa tatu. Tuseme umeme umerudi, bodi inadhani ni 05:10, na intaneti inakuja kabla haijafika 05:30. Saa inaruka hadi 07:40, cron inakuta `washa` na `zima` zote zimerukwa, inaziendesha pamoja, na faili ya ulinganisho tayari ipo. Bila kuangalia saa halisi, pampu itawashwa na kuzimwa kwa mpigo mmoja, jambo ambalo halifai kwa mota.

Tumieni mabano moja `[ ]` hapo, sio mawili. Kwenye bash mabano mawili husoma namba inayoanza na sifuri kama ya mfumo wa nane, kwa hiyo 0525 itahesabiwa vibaya, na `S` ikifika 0528 itatoa hitilafu.

Faili hiyo ni ya timesyncd. Anayetumia chrony hataikuta. Yeye asome `chronyc tracking` na kuangalia mstari wa `Leap status`: ukisema `Not synchronised`, saa bado haijathibitishwa.

Chemchem_7
Marahaba kwa niaba ya Mzee, na asante. Lakini sasa kama intaneti haikurudi hadi mchana, siku hiyo hakuna maji kabisa?

Zuhura_L
Ndiyo, siku hiyo hakuna. Huo ndio upande wa pili wa ulinzi huo, na hapo ndipo ushauri wa Rilei unapoingia. DS3231 haitibu kosa la kristali ambalo hukuwa nalo, ila inaipa bodi saa inayotembea umeme ukiwa umezima.

Rilei_na_Waya
Asante dada. Nilikosea sababu, dawa nimeipata. Basi nieleze ufungaji, huo ninaufahamu.

VCC kwenye pini 1 ya Pi, ambayo ni 3.3 V. SDA pini 3, SCL pini 5, GND pini 9. Washa I2C, kisha kwenye `/boot/firmware/config.txt` ongeza:

```
dtparam=i2c_arm=on
dtoverlay=i2c-rtc,ds3231
```

Washa upya, andika `i2cdetect -y 1`. Ukiona `UU` mahali pa 68, kiendeshi kimeishika. Ukiona `68`, moduli ipo lakini kiendeshi hakijaishika, kagua tahajia ya mstari wa overlay. Usipoona chochote, ni waya. Hakikisha `date` ni sahihi, halafu `sudo hwclock -w` kuandika wakati kwenye moduli na `sudo hwclock -r` kuusoma. Kwenye matoleo yenye `fake-hwclock`, iondoe kwa `sudo apt remove fake-hwclock` ili zisigombane.

Kosa la DS3231 ni sehemu 2 kwa milioni kwenye joto la kati ya nyuzi 0 na 40, kama dakika moja kwa mwaka. Kwa pampu hiyo haina neno.

MzeeWaMitambo
Vizuri sana, Rilei. Niweke mkazo kwenye 3.3 V. Moduli hizi zina rezista zinazovuta SDA na SCL kwenda kwenye VCC, kwa hiyo ukiipa 5 V unapeleka 5 V kwenye pini za Pi ambazo hazikutengenezwa kwa kiwango hicho. Pia moduli nyingi za bei ndogo zenye maandishi ZS-042 zina njia ya kuchaji betri, dayodi na rezista ya oumu 200, iliyokusudiwa LIR2032 inayochajika. Ukiweka CR2032 ambayo haichajiki na moduli iko kwenye 5 V, unalazimisha chaji ndani yake. Kwenye 3.3 V, dayodi ikishakula sehemu yake, volti inayobaki ni ndogo kuliko ya CR2032 mpya, kwa hiyo hatari hupungua sana. Bado napendelea kuing'oa ile rezista.

Baada ya kufunga, usiamini mpaka ujaribu. Chomoa waya wa mtandao au zima ruta, zima Pi, iache dakika kumi, iwashe bila mtandao, kisha andika `date`. Kama imechelewa dakika kumi, huenda moduli inatembea lakini mfumo hauisomi wakati wa kuwaka. Andika `sudo hwclock -s`. Saa ikikaa sawa papo hapo, umejua kwamba kilichokosekana ni kuisoma mapema, na amri hiyo iwekwe kwenye huduma inayotangulia cron. Kama `hwclock -r` yenyewe inatoa wakati wa zamani, angalia betri.

Na ukishakuwa na moduli inayofanya kazi, mstari wa kwanza wa ulinzi wa Zuhura unaweza kuuondoa. Ile faili haiundwi na DS3231, inaundwa na NTP pekee. Ukiiacha, utakuwa na saa sahihi na bado pampu itakataa kuwaka bila intaneti.

Zuhura_L
Hapo mimi na Mzee hatukubaliani. Betri ya moduli ikifa bila mtu kujua, umerudi kule kwa tukio A. Mimi ningeuacha ule mstari na kukubali kukosa maji siku moja.

MzeeWaMitambo
Inategemea kinachomwagiliwa. Miche ya wiki moja kwenye jua kali haisubiri kesho. Mti mkubwa unasubiri. Na sasa kuzima hakutegemei saa tena, kwa hiyo kosa baya kabisa linalobaki ni dakika 30 za maji kwa wakati usiofaa.

Betri_Ndogo
Naomba niingize swali. Nina vali inayoendeshwa na ESP32 ya betri. Inalala usingizi mzito saa 12, inaamka, inafungua vali, inalala tena. Mwanzo ilikuwa sawa, sasa imeachana na saa kwa zaidi ya nusu saa. DS3231 sitaki kwa sababu kasha limejaa.

MzeeWaMitambo
Hapa sasa ndipo kosa la kutembea polepole lipo kweli. ESP32 ikiwa kwenye usingizi mzito haitumii kristali yake kubwa, hiyo huzimwa. Bila kristali ya nje ya 32.768 kHz, huhesabu kwa saa ya ndani ya takribani 150 kHz ambayo hubadilika na joto. Kosa la asilimia 1 tu kwa usingizi wa saa 12 ni dakika 7 na sekunde 12, na kama hujawahi kuiambia saa ya kweli, kila usingizi huongeza juu ya uliotangulia.

Usiilaze muda wote kwa mkupuo mmoja. Kila ikiamka iwashe Wi-Fi, ichukue wakati wa NTP, ihesabu sekunde zilizobaki hadi kazi inayofuata, kisha ilale asilimia 95 ya hizo:

```
esp_sleep_enable_timer_wakeup((uint64_t)(baki * 0.95) * 1000000ULL);
```

Ikiamka inakuwa imebakiza kama dakika 36. Inauliza wakati tena, inalala asilimia 95 ya hizo, na ikibaki chini ya dakika 2 inasubiri macho wazi. Kwa betri hiyo ni kuamka mara chache tu zaidi. Na kabla ya kufungua vali, thibitisha kwamba `time(nullptr)` imezidi 1700000000. NTP isipojibu, bodi iliyowashwa upya itakuwa bado iko 1970.

Zuhura_L
Nirudi kwenye taa za Chemchem, maana zimeachwa.

Karibu na ikweta urefu wa mchana ndio haubadiliki, ni takribani saa 12 na dakika 7 mwaka mzima. Lakini saa ya mchana wenyewe kuanza na kuisha inahama. Dunia haizunguki jua kwa mwendo sawa mwaka mzima, na mhimili wake umeinama, kwa hiyo jua hufika utosini wakati mwingine kabla na wakati mwingine baada ya saa yetu. Karibu na tarehe 11 Februari linachelewa kama dakika 14. Karibu na 3 Novemba linatangulia kama dakika 16. Jumla ni nusu saa ya tofauti kwenye machweo, na giza kamili huja upesi. Ukiweka 18:40 isiyobadilika, Februari taa zitawaka kweupe na Novemba zitachelewa. Angalia kama hiyo ndiyo miezi yako.

Tumia jua lenyewe. Kwako machweo kujumlisha dakika 15 yatatosha, kwa sababu karibu na ikweta jua huchukua dakika 21 hadi 22 hivi kutoka machweo hadi nyuzi 6 chini ya upeo wa macho, mwezi wowote ule.

Chemchem_7
Ndiyo, Novemba na Februari kabisa. Nilijaribu machweo kabla ya kuhamia 18:40, kwa kiolezo kinachosema sasa iwe imepita `next_setting` kujumlisha dakika 20. Haikuwahi kuwaka hata siku moja.

Zuhura_L
Na haitawaka. `next_setting` ni machweo *yajayo*. Jua likishatua, thamani hiyo hugeuka mara moja kuwa machweo ya kesho, kwa hiyo "sasa" haiwezi kamwe kulipita. Tumia kichochezi cha `sun` chenye `event: sunset` na `offset: "00:15:00"`, hicho kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Thamani hizo pia zimeandikwa kwa UTC, usizilinganishe na saa ya ukutani kwa macho.

Ukimaliza, kagua latitudo na longitudo kwenye mipangilio. Nyuzi 1 ya longitudo ni dakika 4. Mtu wa longitudo 40 akisahau alama, akawekwa magharibi badala ya mashariki, machweo yake yanahama saa 5 na dakika 20.

Latitudo60
Huo ushauri wa dakika zisizobadilika usimfikie mtu aliye mbali na ikweta. Mimi nipo latitudo 60. Machweo kujumlisha dakika 30 hufaa Machi na Septemba, lakini Juni taa zinawaka nje kukiwa bado kweupe.

Zuhura_L
Ni kweli, na ndiyo maana nimesema "kwako" kwa Chemchem. Kwenye latitudo 60, kutoka machweo hadi nyuzi 6 chini ya upeo ni kama dakika 42 siku za usiku na mchana sawa, lakini mwishoni mwa Juni ni kama dakika 107, kwa sababu jua linashuka kwa mshazari mkali. Hakuna idadi moja ya dakika itakayofaa. Acha dakika, tumia kimo cha jua:

```yaml
triggers:
  - trigger: numeric_state
    entity_id: sun.sun
    attribute: elevation
    below: -4
```

Nyuzi 4 chini ya upeo ni mwanga uleule Machi na Juni. Thamani hiyo husasishwa kila baada ya dakika chache, sio kila sekunde, kwa hiyo usishangae ikichelewa kidogo. Na jihadhari na namba kubwa: Juni kwako jua halishuki zaidi ya nyuzi 6 na nusu chini ya upeo hata usiku wa manane, kwa hiyo ukiweka -8 taa hazitawaka wiki nyingi mfululizo.

Latitudo60
Nimeweka -4. Lakini siku ya mawingu mazito giza linaingia mapema na hesabu haijui mawingu. Sensa ya mwanga si ingemaliza yote haya?

Rilei_na_Waya
Sensa iliyo nje hupigwa na taa ileile inayoiwasha. Taa inawaka, sensa inaona mwanga, inazima, inaona giza, inawasha.

Zuhura_L
Hilo linazuilika kwa kuiweka mahali ambapo taa haiioni, na kuweka viwango viwili vilivyoachana, cha kuwasha na cha kuzima. Mimi huviweka pamoja: sensa iruhusiwe kuwasha mapema jua likiwa chini ya nyuzi 5 juu ya upeo, na kimo cha -4 kiwashe hata sensa ikikataa. Kiwango gani cha mwanga kifae hapo juu kinategemea sensa na kasha lake, sijaona namba inayofaa kwa zote.

Chemchem_7
Nimeondoa `zima` kwenye cron, ESP32 sasa inahesabu dakika 30 yenyewe. Nimezima ruta na kuiwasha Pi upya: `washa` ilifika "05:30" na ikatoka bila kuwasha. DS3231 bado. Mzee, nikiifunga, ESP32 nazo zitapata wakati kutoka kwa Pi bila intaneti, au kila moja inahitaji moduli yake?

MzeeWaMitambo
Moja inatosha. Badala ya timesyncd weka chrony kwenye Pi, na ndani ya `/etc/chrony/chrony.conf` ongeza `allow` yenye anuani ya mtandao wako wa ndani, mfano `allow 192.168.1.0/24`, pamoja na `local stratum 10`. Kisha ESP32 zielekezwe kwenye anuani ya Pi kama seva ya wakati, bandari ni UDP 123. Ila `local stratum 10` usiiweke kabla ya DS3231 kupita lile jaribio la dakika kumi. Mstari huo unaiambia Pi itoe wakati hata kama haijathibitisha wake, na bila moduli utakuwa unasambaza 04:48 kwa nyumba nzima. Ukihamia chrony kumbuka pia kubadilisha ule mstari wa kwanza wa Zuhura, kwa sababu faili yake haitakuwepo tena na pampu haitawaka kamwe.